Anwani ya maneno 30 isiyotaja kotonii wala Pemba

"Asalaam alaykum, Mwalimu. Shikamoo. Nimewahoji wanawake 42 wanaolima mwani Tumbe na Kiuyu Mbuyuni. Thalathini na tatu wameacha kabisa kotonii na sasa wanalima aina nyingine ya mwani, spinosamu, tisa bado wanaijaribu. Sababu wanayoitaja zaidi ni kwamba miezi ya kaskazi maji yanapata moto na kotonii inaoza, na wanasema mwani unakuwa mweupe na kukatika. Sikupima joto la maji wala kupeleka sampuli maabara. Nimeandika makala ya kongamano kwa Kiswahili, anwani yake: 'Uchunguzi wa Kina Kuhusu Athari za Mabadiliko ya Tabianchi katika Kilimo cha Mwani na Mchango Wake katika Kumkomboa Mwanamke Kiuchumi Visiwani Zanzibar: Changamoto, Fursa na Mustakabali wa Uchumi wa Buluu'. Maneno muhimu: mwani, Zanzibar, wanawake, maendeleo, changamoto, mabadiliko. Waandaaji wamenirudishia. Anwani isizidi maneno 15, maneno muhimu yasizidi sita, na yote yawe 'yanayotafutika na sahihi'. Kila nikipunguza naona makala inapoteza uzito. Nifanyeje?"

Waalaykumu salaam, mwanangu, na marahaba. Soma tena sentensi zako mbili za mwanzo, kabla hujafika kwenye anwani. Mle umetaja mwani, kotonii, spinosamu, Tumbe, Kiuyu Mbuyuni, wanawake, na kuacha zao moja kwenda jingine. Huo ndio utafiti wako. Sasa itazame anwani. Katika maneno 30 hamna kotonii, hamna spinosamu, hamna wilaya yao ya Micheweni, wala Pemba yenyewe haimo. Mtu wa Wete anayetafuta habari za kotonii Pemba ataipita makala yako kwa sababu hakuna neno hata moja linalomwambia kwamba habari zake zimo humo. Kwa hiyo uzito unaoogopa kuupoteza haumo kwenye anwani hiyo. Umebaki ndani ya makala, na kazi yetu ni kuutoa nje.

Nitaanza na usahihi kabla ya urefu, maana ukipunguza maneno kabla ya kuhakiki ukweli wake utabaki na anwani fupi yenye kosa lilelile.

"Athari za mabadiliko ya tabianchi." Hukupima joto la maji, wala huna rekodi ya miaka ya nyuma ya kulinganisha. Ulichonacho ni wakulima waliokwambia kwamba miezi ya kaskazi maji yanapata moto na kotonii inaoza. Hayo ni ushahidi wa maana sana, kwa sababu wao ndio wanaoingia majini kila bamvua, lakini ni ushahidi wa walichokiona na wanavyokieleza. Anayesoma neno "athari" atatarajia vipimo, na asipovikuta ataona umemdanganya kabla hajafika ukurasa wa pili. "Kumkomboa mwanamke kiuchumi" nalo ni hivyohivyo: kama hukuuliza kipato cha kabla na cha baada, huna cha kuonyesha. "Visiwani Zanzibar" inapanua eneo lako kuliko ulivyotembea. Ulikwenda shehia mbili za wilaya moja ya Pemba. Msomaji wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, atadhani unamzungumzia na yeye, kumbe hukufika kwake.

Na "uchumi wa buluu"? Najua kwa nini umeliweka. Limo katika jina la wizara, limo katika hotuba, na pengine limo hata katika mada kuu ya kongamano. Lakini kama ndani ya makala umelitaja mara moja tu, katika utangulizi, halistahili kukaa kwenye anwani. Anayetafuta sera ya uchumi wa buluu akiifungua makala yako hatapata alichokuja kukitafuta.

Baada ya kuhakiki hivyo, maneno kama nusu yameanguka yenyewe bila ya mkasi. "Uchunguzi wa kina kuhusu" uondoe pia, kwa sababu makala yoyote ya kongamano ni uchunguzi, na kina chake ataamua msomaji. "Changamoto, fursa na mustakabali" yanaweza kubandikwa kwenye makala ya karafuu, ya daladala au ya skuli za msingi bila ya kubadilisha herufi. Neno linalofaa kila mahali halimsaidii anayetafuta mahali pamoja.

Kiswahili kina tabu yake katika kuhesabu maneno. Viunganishi vyetu, wa, ya, za, cha, katika, kila kimoja kinahesabiwa neno zima. Katika anwani yako maneno ya namna hiyo ni 11 kati ya 30. Kwa hiyo kikomo cha maneno 15 kwetu ni kigumu kuliko kinavyoonekana: ukitoa viunganishi, unabaki na nafasi tisa au kumi za maneno yenye mzigo. Njia ya kupunguza viunganishi ni kupunguza minyororo. "Mchango wake katika kumkomboa mwanamke" ni mnyororo, na "maelezo ya wanawake" ni pete moja tu.

Sasa tuijenge upya. Mara ya kwanza nilipojaribu kwa niaba yako niliandika hivi: "Kuacha Kotonii na Kuhamia Spinosamu Miongoni mwa Wanawake Wakulima wa Mwani Kaskazini Pemba". Ni maneno 13, na kila kitu kimo, lakini sikuridhika. Msomaji anakutana na majina mawili ya biashara ya mwani kabla ya neno mwani lenyewe, na kama hayajui ameshapotea. Kwenye simu, ambako orodha ya matokeo hukata anwani ndefu, mkia ndio unaoliwa, na mkia wa anwani hii ndio wenye mwani na Pemba. Tena Kaskazini Pemba ni mkoa mzima na Wete imo, nawe hukufanya kazi Wete.

Mara ya pili nikajaribu swali: "Kwa Nini Kotonii Imeachwa Micheweni?" Fupi, na inavutia sikio. Lakini "imeachwa" inasema imeachwa na wote, nawe una wanawake tisa ambao bado wanaijaribu. Hao tisa ni sehemu nzuri ya makala yako, usiwafute kwa kitenzi kimoja.

Hii ya tatu ndiyo ninayokupa:

"Sababu za Wakulima wa Mwani Kuacha Kotonii: Maelezo ya Wanawake wa Micheweni, Pemba"

Ni maneno 13. Mwani na kotonii zimo kabla ya nukta mbili, kwa hiyo hata ratiba ya kongamano ikikata sehemu ya pili, mtu anajua makala inahusu nini. "Kuacha" halisemi wangapi wameacha, kwa hiyo wale tisa wamo salama. Neno linalofanya kazi kubwa zaidi kuliko yote ni "maelezo": linamwambia msomaji kwamba sababu hizi zimetoka vinywani mwa wakulima, asitarajie vipimajoto. Na mahali pametajwa kwa daraja mbili, wilaya na kisiwa, kwa sababu aliye nje ya Zanzibar huenda hajapata kusikia jina la Micheweni. Tumbe na Kiuyu Mbuyuni zitakwenda katika ikisiri.

Nije kwenye maneno muhimu. Hapa kuna jambo ambalo miongozo mingi ya uandishi haikwambii, kwa kuwa iliandikiwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Yetu hubadilika mwanzoni. Mtu anayetafuta "mkulima" na anayetafuta "wakulima" wanataka kitu kimoja, lakini kwa mashine inayolinganisha herufi hayo ni maneno mawili tofauti. Katika lugha nyingine mtafutaji huandika mzizi na kuweka nyota mwishoni, mashine ikamletea umoja na wingi. Kwetu, `mkulima*` haitaleta "wakulima" hata siku moja, na nyota ya mbele, kama `*kulima`, katika kanzidata nyingi haikubaliwi. Basi ugonjwa na magonjwa, mkulima na wakulima na kilimo, yote lazima uyafikirie kama maneno mbalimbali. Vitenzi ni vibaya zaidi. "Kumkomboa" ina kiambishi cha mbele na kiambishi cha mtendwa, na sijui mtu atakayekaa kwenye kompyuta akaandika umbo hilohilo. Nomino ndizo zinazotafutwa. Mwani, alhamdulillahi, hauna wingi wa kutusumbua.

Kutokana na hilo, mimi huyapanga maneno muhimu kwa kuuliza: mtu anayetaka makala hii ataandika neno gani ambalo kwenye anwani halimo? Anwani ishatoa mwani, wakulima, kotonii, wanawake, Micheweni na Pemba. Ukiyarudia katika maneno muhimu umepoteza nafasi, kwani mashine huisoma anwani kwa hali yoyote. Katika sita ulizoziweka, mwani na wanawake tunazo tayari. Maendeleo, changamoto na mabadiliko hayaelekezi popote. Inabaki Zanzibar, na hiyo nitaitetea.

La kwanza ni "kilimo cha mwani". Anwani ina "wakulima wa mwani", lakini anayetafuta kifungu kizima ndani ya alama za kunukuu ataandika "kilimo cha mwani", na bila ya neno hili hatakuona. La pili ni "spinosamu", zao walilohamia, ambalo anwani imeliacha kwa ajili ya ufupi.

La tatu ni jina la kisayansi la kotonii, yaani `Kappaphycus alvarezii`. Lipe uangalifu, maana hapa wengi huteleza. Jina la kotonii limetokana na jina la kale, `Eucheuma cottonii`, na wafanyabiashara wameling'ang'ania mpaka leo. Wataalamu wa mwani waliutenga mwani huu unaolimwa kama spishi yake mwaka 1985, na baadaye wakauhamishia katika jenasi ya `Kappaphycus`. Sasa mtu akitaka kuandika kwa usahihi huchanganya nusu ya jina jipya na nusu ya la biashara, akapata `Kappaphycus cottonii`. Tatizo ni kwamba hiyo ni spishi nyingine iliyopo kweli. Nimeliona kosa hilo katika makala zaidi ya moja, na halionekani kwa macho kwa sababu jina linasikika sahihi. Spinosamu nayo kwa sayansi ni `Eucheuma denticulatum`, ingawa biashara bado inatumia jina la zamani. Yaandike majina haya kwa mlazo, herufi kubwa kwenye neno la kwanza tu. Faida ya jina la kisayansi ni kwamba halibadiliki kwa lugha: mtafiti wa Ufilipino au wa Indonesia asiyejua neno la Kiswahili ataigonga makala yako kwa jina hilo, kisha atafute wa kumfasiria.

La nne ni "joto la maji ya bahari", kwa sababu ndiyo sababu ambayo wakulima wako waliitaja zaidi ya nyingine, nalo ni pana kidogo kuliko "kaskazi". Usiweke "mabadiliko ya tabianchi" mahali pake. Nimeshakueleza suala la usahihi, na liko la tahajia pia. Wako wanaoandika "tabianchi", wako wa "tabia nchi" kwa maneno mawili, wako wa "tabia ya nchi", na wengi husema "mabadiliko ya hali ya hewa". Ukichagua umbo moja umewakosa wa mengine matatu. Ni vivyo hivyo kwa "buluu" na "bluu". Pale tahajia inapogawanyika hivyo, dawa ni kutumia umbo moja katika maneno muhimu na jingine mara moja ndani ya ikisiri, mahali ambapo sentensi inalihitaji kweli. Usiyapange maumbo yote kwa mkato kama orodha ya bidhaa, waandaaji watakurudishia tena.

La tano ni "Zanzibar". Anwani imesema Pemba, na hiyo ndiyo sahihi. Lakini wako wengi, hata wataalamu, wanaotafuta kwa jina la Zanzibar wakikusudia visiwa vyote viwili, au wasiojua kwamba Pemba ni sehemu yake. Katika anwani neno Zanzibar lingekuwa dai kwamba umefika kote, na katika maneno muhimu ni kibao cha njia tu. Neno moja linaweza kuwa kosa mahali pamoja na kuwa sawa pengine.

Nafasi ya sita najua utataka kuweka `ice-ice`, ule ugonjwa unaofanya matawi yawe meupe, yalainike na kukatika. Hapa nakusihi usiweke. Wakulima wako walikueleza dalili, lakini hukupeleka sampuli maabara, na mwani hudhoofika kwa mambo mengi: joto, maji ya mvua ya masika kupunguza chumvi, au viotea vinavyoparamia matawi na kuyanyima mwanga. Katika ikisiri andika maneno yao, "unakuwa mweupe na kukatika", kisha useme dalili hizo zinafanana na za `ice-ice`. Mtafutaji wa ugonjwa huo bado ataweza kukufikia pale ambapo mashine inasoma ikisiri, nawe hukujidai kuuthibitisha. Hiyo nafasi ya sita iache wazi. Wamesema yasizidi sita, hawakusema yatimie.

Maneno muhimu yana kazi nyingine ambayo waandishi wachanga huisahau: waandaaji huyatumia kukupangia mhakiki na kikao. Kijana mmoja niliyemsimamia, wa Chake Chake, aliandika juu ya ukaushaji wa karafuu, akaipa makala anwani ya kishairi na maneno muhimu "utamaduni, urithi, maisha". Makala ikapangwa katika kikao cha fasihi. Alisoma takwimu zake za unyevu mbele ya watu waliokuja kusikiliza mashairi, na hakupata swali hata moja lililomsaidia. Ilikuwa kazi ya miezi minane. Ndiyo maana sitaki neno "wanawake" au "jinsia" likae peke yake katika orodha yako. Litakupeleka kwenye kikao cha nadharia za jinsia, na makala yako haina nadharia hiyo. Watu unaowahitaji wakusikilize ni wa mwani na bahari.

Kabla hujatuma, pima. Fungua Google Scholar uandike kila kifungu ndani ya alama za kunukuu, kimoja kimoja. Kisha jaribu hili, linaloleta kazi zenye mwani katika anwani na Pemba popote:

```
intitle:mwani Pemba
```

Usitazame idadi ya matokeo. Soma anwani kumi za mwanzo ujiulize kama ungependa makala yako ikae katikati yao. Kama kumi zote ni za mambo mengine, kifungu chako ni kipana mno au kina maana nyingine. Kama hakuna tokeo hata moja, usikimbilie kulitupa neno, kwa kuwa kwa Kiswahili bado kazi nyingi hazimo mtandaoni na sifuri yaweza kuwa ni uchache wa maandishi tu. Liandike neno hilohilo katika utafutaji wa kawaida. Ukiona magazeti na taarifa za wizara zinalitumia, ni neno la watu, liache. Ukikuta hata huko halimo, basi umelibuni mwenyewe, na hakuna atakayelitafuta.

Katika kuwasilisha kuna mambo machache ya mikono. Mifumo kama EasyChair hutaka kila neno muhimu katika mstari wake. Ukiyaandika yote mstari mmoja kwa mkato, yatasomwa kama neno moja refu. Anwani katika fomu, katika faili na katika ikisiri iwe ileile herufi kwa herufi, maana ikitofautiana makala moja inaweza kuorodheshwa mara mbili kama kazi mbili. Ukurasa wa kwanza anwani iwe juu, kwa herufi kubwa kwa umbo kuliko maandishi mengine, na jina lako chini yake katika mstari wake. Google Scholar hutegemea mpangilio huo kuitambua anwani. Angalia pia sifa za faili la PDF, sehemu ya `Title`: mara nyingi hubakia jina la rasimu ya zamani, au la makala ya mtu mwingine uliyeazima faili lake. Andika humo anwani mpya.

Na kwa kuwa ikisiri ndiyo itakayobeba yale ambayo anwani haikuweza, nimekuandikia sentensi mbili za kufungulia, uzirekebishe kwa mkono wako: "Makala hii inachunguza kwa nini wakulima wa mwani wa Tumbe na Kiuyu Mbuyuni, wilaya ya Micheweni, Pemba, wanaacha kotonii (`Kappaphycus alvarezii`) na kuhamia spinosamu (`Eucheuma denticulatum`). Kati ya wanawake 42 waliohojiwa, 33 wameacha kabisa kotonii, na 9 bado wanaijaribu." Baada ya hapo weka sababu walizozitaja, ukianza na joto la maji ya kaskazi, kisha useme hao tisa wanafanya nini tofauti na wenzao. Katika barua yako hukunieleza hilo, na ndilo la kwanza nitakalolitafuta katika makala.